Ndege inagusa sitaha, rubani anaongeza moto: kwa nini?

*Shikamoo mzee. Nimeona video ya ndege ya kivita ikitua juu ya meli. Magurudumu yakishagusa tu, rubani badala ya kupunguza moto anauongeza mpaka mwisho. Sijaelewa. Halafu meli yenyewe inatembea, sasa analengaje? Na wale watu wa jezi za rangi rangi wanashinda wakifanya nini siku nzima?*
Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Magurudumu yanapogusa, rubani bado hajui kama ametua. Kulabu inayoning'inia chini ya mkia inaweza kunasa waya, na inaweza pia kuzivuka waya zote nne bila kushika hata mmoja. Akisubiri kuhakikisha ndipo aongeze moto, ameshachelewa, kwa sababu injini ya jeti iliyopunguzwa huchukua muda kurudisha nguvu zake, na sitaha iliyobaki mbele anaimaliza kwa sekunde mbili tatu. Kwa hiyo anasukuma moto mpaka mwisho kila anapogusa, awe amenasa au hajanasa. Waya ukimshika, una nguvu za kumsimamisha na injini zake zikinguruma. Usipomshika, anapaa tena, anazunguka na kurudi kwenye foleni.

Hayo mengine mawili yanataka maelezo. Nilivaa jezi ya kijani kwa miaka kadhaa kwenye meli moja ya Marekani ya kubeba ndege, ya daraja la Nimitz, kazi yangu ikiwa manati, yaani mitambo ya kurushia ndege, na waya za kutulia, kwa hiyo nitakueleza mambo yalivyo ukiwa umesimama sitahani. Rubani angekusimulia kwa namna yake.

Anza na umbo la meli. Ina urefu wa mita 333 hivi, uzito wa tani zipatazo 100,000, na ndani yake wanaishi watu kama 5,000 vikosi vya ndege vikiwemo. Manati zipo nne, mbili kwenye omo na mbili ubavuni upande wa kushoto. Njia ya kutulia haifuati urefu wa meli. Imepindishwa kwenda kushoto kwa digrii 9. Wazo hilo ni la Waingereza, na lilianza kujaribiwa mwaka 1952. Kabla ya hapo ndege zilitua kufuata meli ilivyolala, na aliyekosa waya aliishia kwenye wavu au juu ya ndege zilizoegeshwa mbele. Njia ilipopindishwa, mbele ya rubani pakabaki bahari tupu. Ndiyo maana leo anaweza kuongeza moto bila hofu: akikosa, hakuna wa kumgonga.

Siku ya kazi inaanza kwa kutembea. Wanaitwa watu wa kila rangi, wanajipanga mstari mmoja bega kwa bega kutoka ukingo hadi ukingo, kisha wanaipitia sitaha yote kutoka mwanzo hadi mwisho wakiwa wameinamisha vichwa. Wanatafuta parafujo, kipande cha waya, jiwe lililonasa kwenye soli, kitufe cha nguo. Injini ya jeti inavuta hewa kwa nguvu kiasi kwamba nati moja tu ikiingia inakata mapanga ya ndani, na injini nzima inashushwa chini karakana. Wageni huona zoezi hili kama adhabu ya jeshi. Ukishaona kilichookotwa kwenye mifuko baada ya mzunguko mmoja, huulizi tena.

Baada ya hapo mambo yote yanakwenda kwa saa. Ratiba ya ndege huandaliwa usiku uliotangulia na kugawiwa kwenye karatasi, na siku hugawanywa katika vipindi vya saa moja na robo au saa moja na nusu. Kila kipindi kikianza, kundi jipya linarushwa. Likishaondoka, kundi la kipindi kilichopita linatua. Mpangilio huo una sababu: sitaha haina nafasi ya makundi yote mawili. Hao wa awali wanakuwa juu wakizunguka ngazi kwa ngazi, mafuta yakipungua, wakisubiri nafasi. Kurusha kukichelewa dakika kumi, kuna rubani juu aliyepoteza dakika kumi za mafuta. Shughuli hii huenda saa 12 kwa siku, mara nyingine zaidi, na katikati ya kipindi na kipindi ndege zinajazwa mafuta, zinafungwa silaha, zinasukumwa, zinateremshwa kwa lifti kwenda karakana ya chini na nyingine kupandishwa.

Rangi za jezi zipo kwa sababu hakuna kusikilizana. Kelele ni kubwa, masikio yamefunikwa, na mengi yanasemwa kwa mikono. Njano ndio wanaoongoza ndege na wanaoamuru manati zifyatuke. Kijani ni sisi wa manati na waya, pamoja na mafundi. Zambarau ni mafuta, nyekundu ni silaha na waokoaji wa ajali, buluu wanasukuma na kufunga minyororo, kahawia ni wale ambao kila mmoja ana ndege yake ya kuitunza, nyeupe ni usalama na tiba. Ukiona jezi unajua mwenyewe ana haki ya kukuamuru nini. Chini ya mnara kuna chumba chenye meza iliyochorwa sitaha nzima, na juu yake vibao vidogo vyenye umbo la ndege. Ndege ikisogezwa kule nje, mtu anasogeza kibao chake. Juu ya kibao wanaweka nati au pini ya rangi kuonyesha inahitaji nini: mafuta, fundi, kuoshwa. Siku hizi kompyuta zipo, lakini sijawahi kuona watu wakiiacha ile meza.

Sasa manati. Chini ya sitaha kuna mitungi miwili mirefu iliyolala sambamba, ndani yake pistoni mbili zinazosukumwa na mvuke utokao kwenye vinu vya nyuklia vya meli. Pistoni zimeunganishwa na kishikio kinachochomoza juu kupitia ufa mwembamba wa sitaha. Ndege inaongozwa taratibu hadi gurudumu la mbele likae juu ya ufa ule, mkono wa chuma ulio kwenye gurudumu unaingia kwenye kishikio, na nyuma yake kinafungwa kizuizi cha kuishikilia mpaka manati ifyatuke. Ukuta wa chuma unainuka nyuma ya injini ili moto usiunguze wanaofuata.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi nzima: uzito. Mtu wa jezi ya kijani anasimama ubavuni mwa ndege na ubao wenye tarakimu kubwa. Tuseme umeandikwa 52,000, yaani ratili, sawa na tani 23 na nusu hivi. Rubani anausoma. Ikiwa ndivyo, anainua dole gumba. Ikiwa ndege ni nzito zaidi, anainua kiganja cha bapa juu, tarakimu zinabadilishwa, anaulizwa tena. Namba hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye valvu inayopima jinsi mvuke utakavyoachiliwa, pamoja na aina ya ndege, joto la hewa na upepo unaopita juu ya sitaha. Manati ikidhani ndege ina ratili 42,000 kumbe ina 52,000, itamfikisha rubani mwisho wa sitaha akiwa hana mwendo wa kuruka, na hapo hana la kufanya isipokuwa kuchomoka na kiti. Ikikosea upande wa pili, mguu wa mbele wa ndege unabeba nguvu usiyotengenezewa.

Ubao ukikubaliwa, rubani anafungua moto wote. Anazungusha usukani pembe zote ili wakaguzi waone mabawa na mkia vinaitikia. Wakaguzi, hao wenye jezi ya miraba myeusi na myeupe, wanapita wakitafuta mafuta yanayovuja au kifuniko kilichoachwa wazi, wanainua dole. Rubani anapiga saluti. Usiku anawasha taa za nje badala yake. Kwenye ndege ya kivita ya Super Hornet, baada ya saluti mkono wa kulia unashika mpini ulio kwenye fremu ya kioo na unabaki hapo. Hashiki usukani. Mwili ukirushwa nyuma kwa ghafla mkono unaweza kuuvuta usukani bila mwenyewe kukusudia, kwa hiyo kompyuta ndiyo inayoinua pua. Afisa wa jezi ya njano anatazama mbele, anatazama nyuma, anapiga goti, anagusa sitaha na kunyoosha mkono kuelekea baharini. Kitufe kinabonyezwa na mtu mwingine. Mita 94 zinaisha kwa sekunde mbili na nusu hivi, na ndege inatoka ikiwa na mwendo wa kilomita kama 265 kwa saa. Pistoni zile husimamishwa na maji ndani ya nafasi ya mita tatu hivi, kwa kishindo kinachoitikisa omo nzima. Wenye vitanda chini ya manati huzoea. Wengine huzoea baada ya mwezi, wengine hawazoei kabisa.

Kwa nini meli lazima itembee wakati huo? Kwa ajili ya upepo. Nahodha anaigeuza meli iukabili upepo na anaongeza mwendo mpaka juu ya sitaha pawe na upepo wa kilomita 45 hadi 55 kwa saa. Upepo huo unahesabika kama mwendo ambao manati haikulazimika kuutoa. Wakati wa kutua faida ni kubwa zaidi. Super Hornet inakuja ikiwa na mwendo wa kilomita 250 kwa saa angani. Toa 50 za upepo, waya unabaki na kilomita 200 tu za kuzisimamisha.

Lakini mwendo huo huo wa meli ndio unaomsumbua rubani, na hapa nadhani ndipo swali lako la kulenga linapoanzia. Watu hudhani tatizo ni kwamba meli inamkimbia. Kumkimbia si shida, anaifikia tu. Shida ni ile pembe ya digrii 9. Meli inakwenda mbele, ila njia ya kutulia inaelekea kushoto, kwa hiyo machoni pa rubani njia nzima inateleza kwenda kulia bila kukoma. Fanya hesabu: meli ikitembea kilomita 37 kwa saa, katikati ya njia panahama mita moja na nusu hivi kila sekunde. Sekunde 15 za mwisho za kushuka zinatosha njia kuhama mita zaidi ya 20, na ndege yenyewe ina upana wa mabawa wa mita 13 na ushee. Akilenga pale alipopaona mara ya kwanza na kutulia, atateremka juu ya maji. Kwa hiyo rubani mzuri anasahihisha kidogo kwenda kulia, tena na tena, mpaka anagusa.

Kwa urefu wa kushuka anategemea taa. Ubavuni kushoto mwa njia kuna mtambo wa lenzi unaoonyesha duara la mwanga wa manjano katikati ya mstari wa taa za kijani. Duara likipanda juu ya mstari, yuko juu mno. Likishuka, yuko chini. Likigeuka jekundu, yuko mahali pa hatari. Anashuka kwa pembe ya digrii 3 na nusu na haibadilishi hadi mwisho. Hainui pua kulainisha mguso kama ndege za abiria zinavyofanya. Anaigonga sitaha kwa kasi ya kushuka ya mita tatu na zaidi kwa sekunde, na miguu ya ndege imejengwa kwa ajili hiyo. Waya ziko nne, zimeachana mita 12 hivi, na anayeshuka sawasawa hunasa wa tatu akihesabu kutoka tezi. Kulabu yake hupita mita nne tu juu ya ukingo wa nyuma wa meli. Kwa pembe ile ndogo, kosa la mita moja kwenda juu linasogeza mahali pa kugusa mita 16 mbele, yaani ameshavuka waya mzima. Kosa la mita mbili juu, hana waya. Makosa ya chini siyahesabu, kwa sababu kule kuna ukingo.

Na kuna hewa. Upepo uliopita juu ya sitaha na kuzunguka mnara unashuka nyuma ya meli, na rubani anauingia sekunde chache kabla ya kufika. Ndege inazama ghafla, anaongeza moto; anatoka kwenye ile hewa, moto aliouongeza sasa unamrusha juu. Makosa mengi niliyoyaona yalitokea hapo, kwa watu waliokuja vizuri kabisa mpaka dakika ya mwisho.

Pembeni mwa njia wanasimama marubani wenzake wenye fulana nyeupe, mkononi wameshika kitufe. Wanamtazama yeye; taa wanamwachia mwenyewe. Wakiona hafai wanabonyeza, taa nyekundu zinamulika, na ni lazima aondoke hata kama yeye mwenyewe anaona yuko sawa. Kila kutua kunaandikwa alama, kuzuri na kubaya, na alama hizo hubandikwa kwa rangi ukutani kwenye chumba cha kikosi. Hakuna mkubwa anayefichwa zake.

Kazi yangu ilikuwa chini ya hayo yote. Kila waya umeunganishwa na mtambo wa haidroliki ulio chini ya sitaha: waya unavutwa, pistoni inasukuma kimiminika kupitia valvu, na valvu ndiyo inayoamua ukali wa kuzuia. Tunarudi kwenye uzito. Ndege nzito na ndege nyepesi zote hutakiwa kusimama katika umbali ule ule, mita 100 hivi, kwa hiyo kabla ya kila ndege lazima valvu ipangwe kwa aina yake na uzito wake. Mchana ndege zinafuatana kwa dakika moja au pungufu. Ndani ya dakika hiyo ndege iliyonaswa inaachia waya na kukunja mabawa ikitoka njiani, waya unavutwa kurudi, mtu anautazama kama una nyuzi zilizokatika, namba mpya inatangazwa, inapangwa, inarudiwa kwa sauti. Mpaka yote yathibitishwe, taa inaonyesha sitaha haiko tayari na wale wenye fulana nyeupe hawamruhusu mtu kutua. Kipande cha waya kinachokanyagwa na kulabu hubadilishwa baada ya kunasa ndege kama mia moja hivi, hata kikionekana kizima.

Hatari ya kupanga vibaya ilionekana tarehe 18 Machi 2016 kwenye meli Dwight D. Eisenhower, karibu na pwani ya Virginia. Ndege ya propela aina ya E-2C Hawkeye ilitua, ikanasa waya vizuri, ikaanza kupunguza mwendo. Halafu waya ukakatika. Ndege ikasogea hadi mwisho wa njia ikiwa na mwendo mdogo, ikatumbukia chini ya usawa wa sitaha, wakaidhania imepotea; kisha ikaonekana ikiinuka kutoka juu kidogo ya maji. Iliokoka kwa sababu ile ile uliyoiuliza: moto ulikuwa umefunguliwa wote tangu ilipogusa. Ikaenda kutua nchi kavu Norfolk. Waliobaki sitahani hawakuwa na bahati hiyo. Waya uliokatika ukiwa na mvutano ule hurudi nyuma kwa nguvu na kufyeka chochote, na mabaharia wanane waliumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafundi waliporekebisha mtambo hatua moja ilirukwa, valvu ikabaki haijakaa sawa, na mtambo ukashindwa kuizuia ndege ulivyotakiwa. Ndege haikuwa na kosa, wala rubani. Ndiyo maana kwenye mitambo ile hatua moja husomwa na mtu mmoja kutoka kwenye karatasi, ikafanywa na mwingine, na wa tatu akathibitisha, hata kama wote wameifanya tangu ujana wao.

Usiku kila kitu kinakuwa kigumu zaidi. Ndege hazizunguki tena juu ya meli. Zinapangwa nyuma, kila moja na urefu wake, na kila baada ya dakika moja mmoja anaruhusiwa kuanza kushuka. Asiyenasa anarudi mwisho wa foleni. Akikosa mara ya pili anaanza kuhesabiwa mafuta, na huko juu huwa kuna ndege yenye mafuta ya ziada inayomsubiri kumnywesha. Kama nchi kavu iko karibu, kuna kiwango cha mafuta kilichokwisha kukubaliwa ambacho akikifikia haulizi mtu, anakwenda huko. Meli ikiwa mbali na uwanja wowote, hilo halipo, na watu wote walio sitahani huwa wanajua.

Ikiwa kulabu imeharibika au mguu haushuki, kuna wavu. Ni mikanda mipana ya nailoni inayosimamishwa kukatiza njia, na sisi wa jezi ya kijani pamoja na wengine tulifanya mazoezi ya kuusimamisha kwa dakika chache. Rubani anashuka kama kawaida, lakini akiambiwa azime injini anazima papo hapo, kwa sababu baada ya wavu hakuna kupaa tena. Ndege hupata madhara, wavu hautumiki mara ya pili, na sitaha inafungwa mpaka isafishwe. Wengi huufanyia mazoezi miaka yote ya kazi na hawauoni ukitumika.